UZI: Vitenzi vya Kirusi vya -sya, lini tafsiri ni "-wa" na lini ni "-ana"?

mtafsiri_tanga

Habari zenu wakuu. Nimepewa kazi ya kutafsiri kanuni za hosteli ya chuo kimoja cha Urusi, ni za vijana wanaotoka huku kwenda kusoma, na kwenye bahasha hiyo hiyo kuna karatasi za hospitali za mwanafunzi aliyerudishwa nyumbani kwa matibabu. Kirusi nakisoma vizuri tu, kinachonichelewesha ni hivi vitenzi vinavyoishia na -sya. Darasani tulipewa kwamba -sya ni "ji", yaani myt ni kuosha na mytsya ni kujiosha, tukaishia hapo. Sasa kwenye hizi karatasi hiyo "ji" inaingia mara chache sana, karibu kila mstari inabidi niamue kama ni kutendwa au kutendana, na ukiamua vibaya maana inageuka kabisa.

Naweka mifano, naandika kwa herufi zetu ili kila mtu asome:

"Zhiltsy vstrechayutsya s gostyami v kholle."
"Delegatsii vstrechayutsya predstavitelem fakulteta."
"Klyuchi vydayutsya dezhurnym."

Na kwenye karatasi za hospitali: "Patsiyent lechilsya u nevrologa."

Angalieni miwili ya juu, kitenzi ni kile kile herufi kwa herufi, vstrechayutsya, lakini nahisi kabisa havisemi kitu kimoja. Nyie mnaamuaje?

kauli_tendana

Mkuu hii mbona nyepesi, angalia kiima. Wakiwa watu wengi basi ni kutendana, kwa sababu mtu mmoja hawezi kutendana peke yake, kikiwa kitu au mtu mmoja basi ni kutendwa. Zhiltsy ni wakazi, ni wengi, wanakutana. Klyuchi ni funguo, ni vitu, vinatolewa. Mimi nimeenda hivyo tangu mwaka wa kwanza na inanitosha.

mtafsiri_tanga

@kauli_tendana sawa, lakini delegatsii nao ni watu na ni wengi, kwa kanuni yako ingekuwa "wajumbe hukutana", halafu huyo mwakilishi wa kitivo tunamweka wapi? Na upande wa pili mtu mmoja anakutana vizuri tu, "Ivan vstretilsya s Annoy", kiima ni Ivan peke yake na bado ni kutendana.

Bi_Podfak

Mwanangu umeuliza swali zuri, na kabla ya kwenda mbali ngoja nikuonyeshe sisi Waswahili tunapojikwaa hapo, maana Mrusi mwenyewe hapo hajikwai.

Kosa linatokana na "na" yetu. Sisi tunasema "alipigwa NA Juma" na tunasema "alipigana NA Juma", neno moja tu linafanya kazi mbili, la kwanza linamtaja aliyetenda na la pili linamtaja mwenzi. Kwa hiyo ukisoma Kirusi kichwani ukishaona pale kuna "na" unaona kazi imeisha, kumbe Mrusi amekutofautishia waziwazi na wewe umepita. Kwake yeye mwenzi wa kutendana anakuja na kihusishi "s", s gostyami, s Annoy. Mtenda wa kauli ya kutendwa anakuja mkavu, hana kihusishi chochote, ana mwisho wa tvoritelni peke yake, ile -om, -em, -oy, -ami. Sasa rudi kwenye mistari yako. Wa kwanza una "s gostyami", kwa hiyo wakazi hukutana na wageni ukumbini. Wa pili una "predstavitelem" bila "s", kwa hiyo wajumbe hupokelewa na mwakilishi wa kitivo.

Umeona kitenzi cha Kiswahili chenyewe kimebadilika, si kiambishi tu. Hiyo ni kwa sababu vstrechat bila -sya ina maana zaidi ya moja, kuna kukutana na mtu na kuna kumpokea mgeni, kama unavyokwenda stesheni kumpokea ndugu. Kutendwa kumejengwa juu ya kupokea. Ndiyo maana nawaambia vijana kabla hujagusa -sya ing'oe kwanza, uliza kitenzi kikiwa uchi kinasema nini, nani anamfanyia nani, halafu irudishe.

Jambo jingine kuhusu huo mstari wa pili, hakuna Mrusi atakayeongea hivyo jikoni. Akiongea atasema "delegatsii vstrechayet predstavitel", mwakilishi anawapokea wajumbe, basi. Kutendwa kwa -sya ni lugha ya karatasi, ya kanuni, ya mikataba, ya ripoti. Kwa hiyo ukiwa kwenye mazungumzo ya watu wa kawaida usikimbilie "-wa", ukiwa kwenye kanuni za hosteli itegemee sana.

kauli_tendana

Shikamoo Bi Podfak. Hiyo ya "s" naikubali, lakini kiima bado kina kazi yake. Mfano "V tekste vstrechayutsya oshibki", hapo hakuna "s" na hakuna tvoritelni, utasemaje? Ni makosa, ni mengi, na Kiswahili chake ni "yanapatikANA". Ndiyo ile ile -ana.

Bi_Podfak

Marahaba. Mfano wako ni mzuri na tafsiri yako ni sahihi, ila hiyo -ana siyo ile unayoidhani. Patikana, onekana, julikana, hizo ni za kutendeka, zina -ikana au -ekana kwa pamoja. Mlima ukionekana hauonani na mtu. Makosa yakipatikana kwenye maandishi hayajakutana yenyewe kwa yenyewe, yamo tu humo. Kwa hiyo vstrechayutsya unayo sasa kwa sura tatu, watu hukutana, wageni hupokelewa, makosa hupatikana, na ya tatu haimwiti mtenda wala mwenzi.

Lakini uko sahihi kwa sehemu, kiima kina kazi. Kikiwa kitu kisicho na uhai, kutendana kunakuwa mbali na unabaki kuchagua kati ya -wa na -ka. Kikiwa mtu, Mrusi mwenyewe anaelekea kuona kwanza kwamba huyo mtu anatenda. "Deti moyutsya" kila mtu atasikia watoto wanaoga, hakuna atakayesikia watoto wanaoshwa. Na ukitaka kuona uzito wa kiima chukua stroit, kujenga. "Shkola stroitsya", shule inajengwa. "Sosed stroitsya", jirani anajenga, yaani ana nyumba yake anaijenga, haiwezekani kabisa kusema jirani anajengwa.

dogo_masomo

samahani wakubwa na mimi naulizia hiyo hiyo, lini inaandikwa sya na lini inaandikwa s peke yake? maana naona vstretilsya ila vstretilas, sasa hiyo s ndo ya kutendwa?

Bi_Podfak

@dogo_masomo hapana baba, hiyo haihusiani na maana. Baada ya konsonanti inaandikwa -sya, baada ya irabu inakuwa -s, basi. Vstretilsya ni yeye mwanamume, vstretilas ni yeye mwanamke. Isipokuwa vile vivumishi vinavyotokana na vitenzi, hivyo vinabaki na -sya hata baada ya irabu, stroyashchayasya shkola, shule inayojengwa.

mtafsiri_tanga

Asante sana mama. Sasa huo wa funguo, "Klyuchi vydayutsya dezhurnym", hauna "s", una -ym mwishoni, kwa hiyo natakiwa niandike funguo hutolewa na mtu wa zamu. Nifunge?

Bi_Podfak

Usifunge bado. Huo mstari ni mbaya kuliko unavyoonekana. Dezhurnyy ni neno linalobadilika kama kivumishi, na "dezhurnym" inaweza kuwa tvoritelni ya mmoja, yaani "na mtu wa zamu", lakini pia inaweza kuwa datelni ya wengi, yaani "kwa watu wa zamu". Kwa maandishi ni kitu kimoja na kwa sikio ni kitu kimoja. Kwa hiyo ama mtu wa zamu ndiye anayetoa funguo, ama watu wa zamu ndio wanaopewa. Vyote viwili vinaeleweka kwenye hosteli. Mstari unaofuata unasemaje?

mtafsiri_tanga

Unaofuata: "Zhilets raspisyvayetsya v zhurnale."

Bi_Podfak

Basi umepona. Mkazi anasaini daftarini, maana yake mkazi ndiye anayepokea na mtu wa zamu ndiye anayetoa. Funguo hutolewa na mtu wa zamu. Kama ungekuta mstari unaofuata unazungumzia makabidhiano ya zamu asubuhi ningekuambia kinyume chake.

Na uangalie huyo raspisyvayetsya, ni mtu mmoja, hana mwenzi, hana mtenda, ni "anasaini" tu. Lakini "oni raspisalis" mtaani maana yake wamefunga ndoa ofisini kwa msajili, wamesaini pamoja.

nesi_mbeya

Mimi naingilia hapo kwenye "lechilsya u nevrologa" maana hilo lilitukuta wodini. Mgonjwa alikuja na karatasi zimetafsiriwa kutoka Kirusi, imeandikwa "mgonjwa alijitibu kwa miezi miwili". Daktari kusoma hivyo akaanza kumuuliza ulikuwa unanunua dawa gani, nani alikuelekeza, maana kwetu mtu akijitibu ina maana alienda duka la dawa mwenyewe au alikuwa anatumia miti shamba. Mgonjwa naye anashangaa, yeye alilazwa, alikuwa anachomwa sindano na kila kitu. Dakika nyingi tu zimepotea hapo hadi dada yake akaeleza. Aliyetafsiri simjui, ila nadhani ni hiyo "ji" mnayoizungumzia.

mtafsiri_tanga

@nesi_mbeya duh pole, na mimi ndicho nilichokuwa naogopa. Ila sasa kanuni ya mama inanichanganya hapa, kiima ni mtu, kwa hiyo anatenda mwenyewe, si ndiyo? Na hakuna tvoritelni, kuna "u nevrologa".

Bi_Podfak

Hapa kuna kundi dogo linalosimama peke yake na lazima ulijue kwa majina. Lechitsya ni kutibiwa, obsledovatsya ni kufanyiwa vipimo, strichsya ni kunyolewa, fotografirovatsya ni kupigwa picha. Kote huko mtu mwenyewe ndiye aliyeamua, ndiye aliyekwenda, lakini mikono inayofanya kazi ni ya mwingine. Mrusi anaangalia uamuzi, kwa hiyo anamfanya kama anayetenda na anaweka -sya. Sisi Waswahili tunaangalia mikono, kwa hiyo tunaweka -wa. Na yule mwenye mikono Mrusi hamtaji kwa tvoritelni, anamtaja kwa "u", u nevrologa, u parikmakhera, kama vile kusema "kwake".

Kwa hiyo "Patsiyent lechilsya u nevrologa" ni mgonjwa alitibiwa kwa daktari wa mishipa ya fahamu, au na daktari, Kiswahili kinakubali vyote. Kama karatasi ingetaka kusema alijitibu ingetumia neno la wazi, "zanimalsya samolecheniyem". Ukiona hilo ndipo uandike alijitibu, na uliandike hivyo hivyo bila kulipamba, daktari anataka kulijua.

nesi_mbeya

Samolecheniyem, nimeiandika ubaoni. Asante Bi.

nyali_254

Hamjambo, mimi niko Mombasa, nafundisha Kirusi kwa watu wa utalii na kutafsiri kidogo. Naomba tuguse upande wa pili pia, kutoka Kiswahili kwenda Kirusi, kwa sababu wanafunzi wangu shida yao kubwa iko huko. Sisi -ana tunaiweka kwenye kitenzi chochote tunachotaka, pendana, saidiana, heshimiana, elewana, chukiana, hata uliyoibuni leo asubuhi itaeleweka. Basi wanafikiri -sya nayo iko hivyo. Wanaandika "my pomogayemsya" wakimaanisha tunasaidiana. Hakuna kitu kama hicho. Kirusi -sya ya kutendana ni kundi lililofungwa, unalijua kwa kulikariri, vstrechatsya, tselovatsya, obnimatsya, ssoritsya, miritsya, perepisyvatsya na wenzake. Nje ya hapo unasema "drug druga", tena hiyo druga ya pili inafuata padezhi ya kitenzi, lyubit drug druga lakini pomogat drug drugu, na ukiwa na kihusishi unakipachika katikati, govorit drug s drugom.

Na ubaya ni kwamba ukibuni -sya yako si kwamba utaeleweka vibaya kidogo, wakati mwingine unatua kwenye maana nyingine kabisa. Mwanafunzi akiandika "oni ponimayutsya" akitaka "wanaelewana", Mrusi anasoma "vinaeleweka", anaanza kutafuta ni vitu gani.

kauli_tendana

Sasa hapo si ndiyo nilichosema, kwamba -sya ya wengi inaleta -ana? Hayo uliyoyataja yote ni ya watu wengi.

nyali_254

Kwa hayo niliyoyataja ndiyo, mengi yanafuata hivyo. Ila chukua rugatsya. "Oni rugayutsya" inaweza kuwa wanagombana, na inaweza kuwa wanatoa matusi tu, kila mtu kivyake, hakuna anayemtukana mwenzake. Na "on rugayetsya" ni mtu mmoja, anafoka. Au ile ya kibao cha getini, "sobaka kusayetsya", mbwa huuma. Ukiweka mbwa wawili, "sobaki kusayutsya", kwa kibao bado ni mbwa wakali, hawaumani. Hapo -sya imemwondoa anayeumwa kwenye sentensi, inaeleza tabia ya mbwa tu. Sasa kwa wingi peke yake utajuaje?

kauli_tendana

Hiyo ya mbwa sikuwa nayo. Bado naona kwa anayeanza wingi ni dalili nzuri ya kwanza, halafu hayo mengine anaongeza mbele ya safari.

mtafsiri_tanga

Wakuu nimerudi na mistari mingine ya hospitali, sasa nimeanza kuona mpangilio ila nataka uhakika. "Golovnyye boli usililis", nimeweka maumivu ya kichwa yaliongezeka. "Sostoyaniye uluchshilos", hali yake iliimarika. Hapa sijatumia -wa hata mara moja, na sikuona sababu ya kuitumia, lakini siwezi kueleza kwa nini.

Bi_Podfak

Sikio lako limefanya kazi vizuri. Sababu ni kwamba usililis na uluchshilos ni vitenzi timilifu, tendo limeshafika mwisho wake. Kutendwa kwa -sya kunakaa kwenye vitenzi visivyo timilifu, vya jambo linaloendelea au linalorudiwarudiwa. Ikishakuwa timilifu Mrusi anayetaka kutendwa anaacha -sya na kutumia umbo lingine, byl postroyen, byla otkryta. Kwa hiyo ukiona kitu kisicho na uhai na kitenzi timilifu chenye -sya, mkono uende kwenye -ka yetu, au kitenzi kinachosema jambo limetokea lenyewe.

Ufanye mfano wa mlango wa hosteli yako. "Dver zakryvayetsya dezhurnym v 23:00", si timilifu, ana mtenda, mlango hufungwa na mtu wa zamu saa tano usiku. "Dver zakrylas", timilifu, mlango umejifunga, labda upepo. "Dver byla zakryta dezhurnym", mlango ulifungwa na mtu wa zamu. Na huwezi kuchukua ile ya pili ukaibandika "dezhurnym", Mrusi ataikataa. Hiyo inakuwa na uzito mkesha ambao mtu amebaki nje na kesi imeenda kwa mkuu wa hosteli, maana "zakrylas" haimtaji mtu yeyote na wewe ukitafsiri "ulifungwa" umeshamleta mtu kwenye kesi ambaye karatasi haikumleta.

nyali_254

Bi Podfak nakuheshimu sana ila hapo kwenye timilifu naomba nipinge kidogo. "Zemlya pokrylas snegom". Pokrylas ni timilifu, ina -sya, na snegom ni tvoritelni mkavu bila "s". Kwa kanuni yako isingetakiwa kuwepo. Na Kiswahili chake ni ardhi ilifunikwa na theluji, -wa kabisa na "na" kabisa. Mimi wanafunzi wangu nawaambia hiyo ni kutendwa.

Bi_Podfak

Nimeutarajia huo. Mimi siiti kutendwa, kwa sababu theluji hapo haijatenda kwa kusudi, snegom ni kitu kilichoifunika, siyo aliyeifunika. Jaribu kuweka mtu, "zemlya pokrylas rabochimi" ukimaanisha vibarua wameifunika kwa turubai. Haikubali. Ukitaka vibarua utasema "byla pokryta". Hata kwa zisizo timilifu uwe unatazama kama tvoritelni ni mtu au kitu, "dom otaplivayetsya gazom", nyumba hupashwa joto kwa gesi, hapo Kiswahili kinataka "kwa" na siyo "na".

nyali_254

Kwa gesi sawa. Lakini theluji kwa Kiswahili bado ni "na", hatusemi ilifunikwa kwa theluji isipokuwa mtu ameimwaga. Kwa hiyo kwa mtafsiri wa kwenda Kiswahili matokeo ni -wa na "na", na mimi ndicho ninachomfundisha. Warusi waiite wanavyotaka.

Bi_Podfak

Matokeo tunakubaliana. Jina hatukubaliani, tuliache hapo.

mtafsiri_tanga

Mimi nimefaidika na wote wawili. Nauliza la mwisho la kanuni za hosteli, hili ndilo limenikalisha. "Inostrannyye studenty registriruyutsya v techeniye tryokh dney." Hakuna "s", hakuna tvoritelni, kitenzi kinaweza kuwa cha jambo la kila mara, kiima ni watu. Wanajiandikisha ndani ya siku tatu au wanaandikishwa ndani ya siku tatu?

kauli_tendana

Wanajiandikisha. Ni watu, wanatenda wenyewe, hata kwa kanuni ya Bi Podfak.

nyali_254

Sikubaliani. Kwenye kanuni za chuo unakuta pia "studenty otchislyayutsya za neuspevayemost", hapo kiima ni watu vile vile na hakuna anayejifukuza, wanafukuzwa kwa kushindwa masomo. Lugha ya ofisi inamweka mtu kwenye -wa bila shida.

Bi_Podfak

Mstari huo wenyewe hautoi jibu, inabidi utoke nje yake. Urusi ina sheria ya usajili wa wageni, ilipitishwa 2006 na kuanza kutumika Januari 2007, na kwa sheria hiyo kwa kawaida anayepeleka taarifa kwenye mamlaka ni yule anayempokea mgeni, kwa mwanafunzi wa hosteli ni chuo. Mwanafunzi kazi yake ni kuwasilisha pasipoti na kadi ya uhamiaji kwa wakati. Kwa kuangalia hivyo ni "wanaandikishwa". Lakini inawezekana kanuni hii inasema juu ya daftari la hosteli yenyewe, wala siyo uhamiaji, na hapo ni mwanafunzi anayekwenda dirishani kujiandikisha. Kabla na baada yake kuna nini?

mtafsiri_tanga

Kabla yake ni habari za shuka na blanketi, baada yake ni habari za pasipoti kuachwa ofisini. Yaani niko katikati.

nyali_254

Mimi ningekwepa, ningeandika "usajili wa wanafunzi wa kigeni hufanyika ndani ya siku tatu". Unabaki na utata ule ule wa Kirusi, hujadanganya.

Bi_Podfak

Kwa mkataba ningekubali. Kwa kanuni ambazo kijana wa miaka kumi na tisa atazisoma akiwa ameshuka tu kwenye ndege, hapana. Akisoma "wanaandikishwa" atakaa chumbani akisubiri, akisoma "wanajiandikisha" atatoka kutafuta ofisi ya polisi mji asioujua, akisoma "hufanyika" hajui afanye nini. Muulize aliyekupa kazi, awapigie chuo, halafu uandike "wapeleke pasipoti zao mahali fulani ndani ya siku tatu ili waandikishwe" na mahali penyewe pawe na jina.

mtafsiri_tanga

Nimemwandikia sasa hivi, anasema hosteli wanafungua kesho asubuhi saa za huko. Nikipata jibu naliweka hapa. Wakati nasubiri kuna mstari wa mwisho wa mkataba wa chumba, "Storony obyazuyutsya soblyudat pravila". Storony ni pande mbili, wengi, kwa hiyo wanalazimishana? Au wanalazimishwa?

Bi_Podfak

Hakuna kati ya hayo. Obyazuyutsya ni ile ile uliyoanza nayo darasani, ya "ji". Kila upande unajifunga wenyewe. "Pande zote mbili zinajifunga kufuata kanuni." Ukiandika "zinalazimishwa" utakuwa umeingiza mtu wa tatu anayewalazimisha, na kwenye mkataba wa chumba hayupo. Kama upande mmoja tu ndio unaolazimika utaona umbo lingine, "zhilets obyazan", mkazi anawajibika, na hilo halina -sya kabisa.

kauli_tendana

Na kama ni "zhilets obyazuyetsya"?

Bi_Podfak

Mkazi anajifunga. Umoja au wingi hapo haubadilishi kitu.